Ndoto ya mtihani si utabiri wa kufeli

“Binti yangu wa kidato cha nne hapa Ujiji anaota kila mara yuko nje ya chumba cha mtihani. Si ishara kwamba atafeli?”

Hapana, mama. Ndoto hubeba wasiwasi wa mchana. Utafiti wa Paris wa mwaka 2014 uliwauliza wanafunzi waliowania nafasi ya kusomea udaktari: wengi waliota mtihani ukiwaharibikia, na walioota mtihani walielekea kupata alama nzuri kidogo kuliko wasioota. (Si kwamba ndoto inafaulisha mtu!)

Akisimulia, “Wenzangu wako ndani, mimi nimevaa sare ya shule yangu ya zamani ya Kasulu,” usimkate kwa “Soma, acha simu.” Muulize: “Hapo mlangoni ulijisikiaje?” Kisha nyamaza. Akijibu, “Hakuna aliyenijua,” uliza ni wapi hujisikia hivyo akiwa macho. Huenda kinachomsumbua ni ugeni darasani, wala si hesabu. Usimfasirie, na usiwasimulie shangazi zake bila ruhusa. Akiisikia barazani, hatakwambia nyingine.

Akiamka kwa hofu mara kadhaa kila wiki, au akianza kuogopa kulala, mpeleke kituo cha afya.