Picha za imeili hazifunguki: kabla hujabonyeza "onyesha", soma hapa kwanza

Msimu wa kupulizia mikorosho ukikaribia, ofisi za AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, huku Mtwara zinamiminiwa imeili na wauzaji wa salfa na viuatilifu vingine, na sisi watu wa tehama ndo tunaanza kupigiwa simu: "Fundi, imeili imekuja ila picha hazionekani, naona viboksi vitupu." Wengi wanadhani mtandao mbovu au kompyuta imeingia virusi. Mara nyingi wala, ni programu yenyewe ya imeili imezizuia makusudi, na ina sababu.

Picha kwenye imeili zinakuja kwa njia mbili. Kuna ile iliyopakiwa humo humo ndani ya ujumbe, au imeambatanishwa kama faili, hiyo imeshafika kwako na inafunguka hata ukizima data. Halafu kuna ile ambayo haijatumwa kabisa, kilichotumwa ni anwani yake tu, picha yenyewe imebaki kwenye seva ya mtumaji, na wewe ukifungua ujumbe ndo kompyuta yako inaenda kuichukua. Hii ya pili ndo inayozuiwa, kwa sababu kitendo cha kwenda kuichukua kinaacha alama kule: saa ngapi, kutoka anwani gani ya IP, yaani namba ya kifaa chako mtandaoni, kwa programu gani. Na kama anwani ya picha imetengenezwa kwa ajili yako peke yako, mtumaji anajua ni wewe umefungua.

Tuangalie kisa cha katibu wa AMCOS moja upande wa Tandahimba. Ofisini anatumia programu ya imeili inayoitwa Thunderbird. Akapata imeili ya muuzaji wa salfa, anamjua kidogo tu, bei zote zimewekwa kwenye picha. Alipofungua, pakatokea taarifa mbili juu ya ujumbe: moja inasema mtumaji ameomba ajulishwe ukisoma, nyingine inasema picha za nje zimezuiwa kulinda faragha yako. Ile ya kwanza akabonyeza `Ignore`, hakutaka kusumbuliwa kabla kamati haijakaa. Ya pili akaruhusu, maana bila picha haoni bei. Haujapita muda simu ikaita: "Katibu, nimeona umeshaisoma, vipi tuweke oda?"

Akanipigia amekasirika kweli. "Sasa fundi, mimi si nimekataa? Kajuaje?"

Nikamwambia afungue huo ujumbe abonyeze Ctrl+U, Thunderbird inaonyesha chanzo chake, yaani maandishi ghafi ya ujumbe. Juu kabisa kulikuwa na mstari wa namna hii (anwani nimezibadilisha):

```
Disposition-Notification-To: mauzo@example.com
```

Huo ndo uliozaa lile swali la kwanza. Ni ombi la risiti ya kusomwa, linafanyika waziwazi, yaani programu yako inakuuliza, ukikubali inatuma ujumbe mfupi kwa mtumaji kwamba imeonyeshwa, ukikataa hamna kinachoenda. Sasa chini kabisa, baada ya maneno yote, kulikuwa na hii:

```
<img src=3D"https://example.com/o.gif?m=3D7f3a91" width=3D"1" height=3D"1">
```

Hizo `=3D` zisikutishe, ni alama ya sawasawa ilivyoandikwa kwa ajili ya safari. Cha kuangalia ni upana 1 na urefu 1, yaani picha ya nukta moja ambayo jicho halioni, na ile `7f3a91` ndo namba ya katibu wetu. Alivyoruhusu picha ya bei, na hiyo nukta ikachukuliwa hapo hapo, maana ruhusa inafungua picha zote za nje kwenye ujumbe ule, huchagui moja moja. Kumbe alifunga mlango akaacha dirisha wazi. (Chanzo kikiwa ni matope ya herufi tupu toka juu hadi chini basi kimefungwa kwa usimbaji mwingine, hutasoma kitu kwa macho.)

Kwa hiyo hivi vitu viwili havijuani. Kukataa risiti hakuzuii picha, na kuzuia picha hakuzuii risiti kama uliweka programu iwe inatuma yenyewe bila kukuuliza. Tena ukibonyeza linki iliyomo humo nayo inaweza kukutaja, hata kama picha zote umezizuia.

Kwenye simu wengi tunatumia Gmail, na huko picha zinafunguka zenyewe, kwa sababu Google wanazipitisha kwenye seva zao. Hiyo inaficha anwani yako ya IP, sawa, lakini mtumaji mwenye nukta ya namna ile bado anaweza kujua imefunguliwa. Wenye aifoni nao, tangu iOS 15 ya 2021, programu ya Mail ikiwekewa ulinzi wa faragha inachukua picha yenyewe kimya kimya hata kama mtu hajasoma. Ndo maana mimi nikiambiwa "mfumo unaonyesha hukufungua" au "umefungua" sikubali kirahisi, aliyezuia picha anaonekana hajasoma wakati kasoma neno kwa neno, na wa aifoni anaonekana kasoma wakati simu iko mfukoni.

Sasa uruhusu lini? Mimi naangalia mambo matatu tu, mtumaji namjua, ujumbe wenyewe nilikuwa nautegemea, na ndani ya picha kuna kitu nakihitaji kweli, kama ramani au jedwali. Yakitimia naruhusu ujumbe ule mmoja. Ile ya kumruhusu mtumaji moja kwa moja siipendi sana kwa sababu jina na anwani ya mtumaji vinaweza kughushiwa, na ujumbe feki ukipita kwa anwani hiyo hiyo picha zake zinafunguka bila kuulizwa. Ujumbe ulioko kwenye spamu usiuruhusu kabisa, maana hapo unamthibitishia tapeli kwamba anwani yako ina mtu.

Na kuna hili ambalo watu hawalifikirii, kwangu ni zito kuliko hata hiyo simu ya muuzaji: picha iliyoko kwenye seva ya mtumaji inaweza kubadilishwa baada ya wewe kupokea imeili. Leo bei ni hii, kesho ukifungua tena inasoma nyingine, na kwenye imeili yako hakuna ushahidi kwa sababu picha haikuwahi kuwa kwako. Kama ni bei au namba ya akaunti ya benki, hiyo si karatasi ya kupeleka kwenye kamati hata kidogo. Katibu alimjibu muuzaji alete bei kwenye PDF iliyoambatanishwa, ikaletwa, hakuhitaji kuruhusu chochote.

Ukiruhusu na bado viboksi vitupu, hapo sasa ndo ulaumu mtandao, au picha imeshafutwa kwenye seva yao, mwambie mtumaji atume upya kama faili.

Kwenye Gmail ya simu ingia `Settings`, chagua akaunti yako, shuka hadi kwenye `Images` uweke ile inayoanza na `Ask before`, iwe inakuuliza kwanza. Ukiweka hivyo zile imeili ambazo unaweza kujaza fomu humo humo zitazimika pia, utaziona za kawaida tu. Ukiwa na akaunti mbili kwenye simu rudia na ile nyingine.