Hedifoni za waya zinapiga muziki ila mwimbaji hayupo: tunayoambiana na ukweli wenyewe

Hali yenyewe iko hivi, umechomeka hedifoni, wimbo umeanza, gitaa unalisikia kwa mbali kama liko ndani ya pipa, vigelegele na mwangwi vipo, besi imepotea na mwimbaji mwenyewe haonekani kabisa au anasikika kama mzimu. Ukiuliza watu kila mtu ana jibu lake, na mengi hayana ukweli.

"Spika za ndani zimeungua, nunua mpya"

Hapana bana. Spika iliyoungua inakaa kimya au inakwaruza, haichagui kumfuta mwimbaji na kuacha gitaa. Hapa kinachokuwa kimekatika mara nyingi ni waya mmoja tu, ethi, ule ambao spika ya kushoto na ya kulia wanauchangia.

Angalia pini ya kawaida ya milimita 3.5, ina sehemu tatu: ncha ni kushoto, pete ya katikati ni kulia, na shina la chini ndo ethi. Umeme wa kila spika unaingia kwa waya wake na kurudi kwa ethi. Sasa ethi ikikatika umeme hauna pa kurudia, kwa hiyo unatoka kushoto unapita spika zote mbili na kuishia upande wa kulia, na spika zinabaki kupiga tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Mwimbaji kwenye studio karibu kila mara anawekwa katikati, yani sauti yake iko sawasawa pande zote, na ukitoa kitu kwa kitu kilicho sawa nacho unabaki na sifuri. Besi na kiki ya dramu nazo zinawekwa katikati, ndo maana muziki unabaki mwepesi hauna kifua. Kinachosalia ni vile vilivyosukumwa pembeni, gitaa, kinanda, waitikiaji na mwangwi.

Kabla hujaita fundi hebu toa kava la simu kwanza, makava manene yanazuia pini isizame yote, na vumbi la mfukoni likijaa kwenye kitundu inakuwa hivyohivyo. Af wimbo ukiwa unapiga pindapinda waya taratibu pale unapoingia kwenye pini, mwimbaji akirudi kwa sekunde moja na kupotea tena basi ushajua umekatikia hapo.

"Upande mmoja umekufa ndo maana sauti haipo"

Hii inasemwa sana na ni kinyume kabisa. Upande mmoja ukifa mwimbaji anabaki mzima kwenye sikio lingine kwa sababu yuko pande zote, utakachokosa ni vitu vilivyowekwa upande ule tu. Tena ukiwa na tatizo la ethi masikio yote mawili yanasikia, na yanasikia kitu kilekile.

"Ni wimbo mbovu au ni setingi"

Inawezekana, kuna watu wanawasha vitu vya karaoke halafu wanasahau. Ila kipimo kipo kwenye simu yenyewe na hakina gharama. Ingia Accessibility, tafuta Mono audio, iwashe. Hiyo inafanya kushoto na kulia viwe kitu kimoja. Kama ethi imekatika muziki wote unazama karibu kimya, maana sasa hakuna tofauti ya kupiga. Halafu sogeza ile balansi ya kushoto na kulia mpaka mwisho wa upande mmoja, ajabu yake muziki utarudi mzima na utausikia masikio yote mawili wakati ulipaswa kuusikia moja. Ukiona hayo mawili usihangaike na wimbo wala ekwalaiza, ni ethi haijakamata.

"Waya zimegeuzwa, chanya na hasi"

Hapa watu wanachanganya mambo mawili. Spika moja ikigeuzwa chanya na hasi, kila sikio bado linapata muziki wake kamili, mwimbaji hapotei, ila anakosa pa kukaa, badala ya kuwa katikati ya kichwa anasambaa au unamsikia kama yuko nyuma yako. Ukiwasha Mono audio hakunyamazi. Na kosa hilo kwenye hedifoni ya waya tatu huwezi kulifanya kwenye pini, linafanyika kule ndani kwenye kikombe cha spika, na kulirekebisha ni kubadilishana nyaya mbili za spika moja tu.

Kuna kugeuza kwingine sasa, na huku ndo kunakomfuta mwimbaji. Chukua hedifoni ya omu 32 ambayo imebadilishwa pini, mwenyewe analalamika kushoto kuko safi ila kulia mwimbaji hayupo. Ukiweka mita kwenye omu (usiichomeke kwenye simu wakati unapima) unapata ncha na shina 32, ncha na pete 32, pete na shina 64. Zile 64 ni spika mbili zimefuatana, kwa hiyo sehemu ambayo haimo kwenye kipimo cha 64 ndo ethi ilipo. Hapa ni ncha! Yani fundi amepachika ethi kwenye ncha na waya wa kushoto kwenye shina, spika ya kushoto inapiga kama kawaida lakini ya kulia imekaa kati ya kushoto na kulia, inapiga tofauti tu. Hedifoni nzima ilitakiwa isome ncha na shina 32, pete na shina 32, ncha na pete 64. Ukipata 64 kwenye ncha na pete lakini shina halisomi na yeyote, ethi imekatika. Ukipata 32 moja tu na kwingine kote hakuna kitu, hapo ndo upande mmoja umekufa kweli. Spika za omu 16 zitasoma 16 na 32, hesabu ni ileile, na kama kwenye waya kuna kidude cha kupunguza sauti kifungue mpaka mwisho kwanza. Zile zenye betri na kufuta kelele usizipime hivi, ndani zina saketi yake.

Wakati wa kuchomelea, nyaya hizi zimepakwa rangi inayozuia umeme, nyekundu mara nyingi kulia, kijani au bluu kushoto, ya shaba ethi. Usipoichoma hiyo rangi risasi haikamati, inakaa juujuu inang'aa vizuri tu, unafunga pini mpya na mwimbaji bado hayupo. Ukikuta nyaya za ethi mbili zote zinaenda kwenye shina, ukiacha moja upande mmoja unakufa.

"Pini zote ni sawa, ikiingia imeingia"

Za maiki zina sehemu nne na kuna mipango miwili, CTIA inayotumika simu nyingi za sasa na OMTP ya simu za zamani kidogo, tofauti yake ni ethi na maiki zimebadilishana nafasi. Ukichomeka ya mpango mmoja kwenye kifaa cha mwingine ethi inaangukia kwenye maiki na mwimbaji anaondoka ingawa hakuna kilichoharibika. Bonyeza kitufe cha kupokelea simu kwenye waya ukishikilie, kwa kuwa kile kinaunganisha maiki na ethi muziki unarudi mzima mpaka ukiachie. Ukiona hivyo usikate waya, tafuta kile kiunganishi kifupi cha kubadilisha CTIA kwenda OMTP.