Methali inayobeba hoja: ipi ibaki hotuba inapofupishwa

Methali inayobeba hoja ni ile ambayo ukiitoa kwenye hotuba, msikilizaji hajui tena kwa nini anaombwa afanye jambo. Nyingine, hata ziwe tamu namna gani, ni za kupamba, na hizo ndizo za kupunguza.

Tuchukue mfano wa Lamu. Mzee ameandaa hotuba ya robo saa kwa wazazi wa madrasa, naye amepewa dakika tano. Ukuta wa madrasa, wa mawe ya matumbawe na chokaa, umepata ufa. Anataka wazazi wachange sasa, wasimngoje mfadhili aliyeahidi kurudi.

Mwanzoni amepanga methali tatu mfululizo: "Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu", "Kidole kimoja hakivunji chawa" na "Mkono mmoja haulei mwana". Zote zasema neno moja, tena neno ambalo hapana aliyelipinga. Wazazi hawakatai kushirikiana, wanasita kwa sababu nyingine. Zitoke zote tatu.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta" ibaki. Hapo mzee anaeleza kwamba mvua ikiingia ufani chokaa hulegea na mawe huanza kuachana, na gharama hukua kila msimu. Methali na maelezo yameshikana, na ndizo sababu ya kuchanga sasa.

"Usiache mbachao kwa msala upitao" nayo ibaki, kwa maoni yangu kuliko zote, kwa kuwa inamjibu yule aliyekaa nyuma anayewaza, "Si tungoje mfadhili?" Mbacha ni mkeka mkuukuu ulio wako, msala ni mkeka mzuri wa kusalia unaopita mikononi mwa mwingine. Ukiitoa, swali lile linabaki bila jibu.

Alikuwa pia na "Haraka haraka haina baraka", ya kuwasihi wazazi wasigombane. Hiyo ni hatari, maana anayetafuta kisingizio cha kungoja ataishika hiyohiyo.

Ukishapunguza, soma hotuba kwa sauti. Kosa la kawaida ni kukata methali na kuacha mkia wake. Mzee aliyeikata ile ya msala, kisha akasema mbele, "Na msala wenyewe umeshapita", atawaacha watu wakitazamana.

Wakati mwingi huliwa na "yaani" inayofuata methali kuliko methali yenyewe. Kwa wenyeji watu wazima sema nusu, "Usipoziba ufa...", nao watamalizia, maelezo yake ya kawaida hayahitajiki, endelea moja kwa moja na habari ya chokaa. Ila kama kuna vijana au wageni wa bara, wengi wao hawalijui neno mbacha. Waachie sentensi moja ya maelezo hapo, na dakika hiyo uikate kwenye salamu.