Je, wajua? Kistari peke yake hakitengenezi orodha

"Nimeandika orodha yangu kwa vistari, kila kitu mstari wake. Kwangu inasomeka vizuri. Kwa nini mwenzangu ameipata yote imebanana kuwa aya moja, na vistari vimezagaa katikati?"

Ni kwa sababu programu ya mwenzako, kama nyingi zinazogeuza alama za maandishi matupu kuwa mpangilio wa ukurasa, haioni mwisho wa mstari kama wewe unavyouona. Kwake, kuhamia mstari unaofuata ni sawa na kuacha nafasi moja kati ya maneno mawili. Kinachotenganisha aya na orodha ni mstari mtupu, na kistari hupata maana yake kutokana na mahali kilipowekwa na nafasi inayokifuata.

Mimi mwenyewe niliamini kinyume chake kwa muda mrefu. Nilidhani programu hizi hutafuta kistari na kukigeuza kuwa kitone cheusi popote zinapokikuta mwanzoni mwa mstari. Kwa hiyo siku tangazo langu lilipomfikia mpokeaji likiwa limebanana, nililaumu kistari chenyewe. Nikakiacha, nikaanza kunakili kitone halisi, yaani "•", na kukibandika mbele ya kila kitu. Hoja yangu ilionekana haina dosari: ikiwa programu inakusudia kuonyesha kitone, basi nikimpa msomaji kitone kilicho tayari hakuna kitakachoharibika. Matokeo yakawa mabaya zaidi. Kila mahali ambapo kistari kilikuwa kimefaulu, kitone kilishindwa.

Sababu inajulikana, ingawa inashangaza kidogo. Mtindo unaotumiwa na programu nyingi za namna hii ni Markdown, uliotolewa na John Gruber mwaka 2004, naye alieleza kwamba aliuchota zaidi kutoka katika mazoea ya watu walioandika baruapepe za maandishi matupu. Mtindo huo unatambua alama tatu tu za kuanzisha orodha isiyo na namba: kistari, nyota na alama ya kujumlisha. Kitone hakimo. Programu ikikutana na "•" huichukulia kuwa herufi kama nyingine, huiacha ilipo, kisha huunganisha mistari yote kuwa aya moja. Jicho la mtu linaona orodha safi kabisa, na programu inaona sentensi ndefu iliyonyunyiziwa madoa. Kistari kirefu "–" nacho hupatwa na hayo hayo, na hapo ndipo simu na programu za uandishi zinapokuponza, kwa kuwa baadhi yake hubadilisha kistari chako kifupi kuwa kirefu bila kukuuliza. Ukiwatazama wawili hao kwenye kioo kidogo, ni vigumu kuwatofautisha.

Kitone kina udhaifu mwingine. Kistari kifupi ni alama namba 45 katika seti ya zamani ya ASCII na huhifadhiwa kwa baiti moja, ilhali kitone huhitaji baiti tatu katika usimbaji wa UTF-8. Programu ya kale ikizisoma baiti hizo kama herufi tatu tofauti, msomaji hupata "â€¢" mbele ya kila kitu. Hili limepungua siku hizi, ila halijaisha.

Turudi kwenye mwisho wa mstari, maana ndiyo kiini cha jambo. Mfikirie mtu anayekusomea barua kwa sauti. Afikapo ukingoni mwa karatasi hasimami. Anashusha macho kwenye mstari wa chini na kuendelea na sentensi ile ile, nawe unayesikiliza huwezi kujua ukingo ulikuwa wapi. Pale palipoachwa mstari mtupu ndipo anapovuta pumzi, na hapo unatambua kwamba jambo jipya linaanza. Programu husoma kwa namna hiyo. Kistari nacho ni kama hodi: mgeni anayebisha hodi katikati ya mazungumzo anaweza kusikika au asisikike, kutegemea mwenyeji, lakini anayebisha wakati wa ukimya husikika na kila mtu.

Wenyeji hapa ni wa aina mbili. Katika Markdown ya awali, orodha haikuruhusiwa kuikatiza aya. Ilibidi itanguliwe na mstari mtupu. Kanuni za CommonMark, zilizotangazwa mwaka 2014 ili kuondoa utata wa Markdown, zinairuhusu ikatize. Programu za kundi la kwanza bado zipo, na mwandishi hana njia ya kujua msomaji wake anatumia ipi. Utazame ujumbe huu:

```
Kabla ya kikao tafadhali leteni:
- nakala mbili za ripoti
- orodha ya wajumbe ambao
wamethibitisha kuhudhuria
- ufunguo wa ukumbi
Kikao kitaanza saa tatu kamili.
```

Anayeusoma kama maandishi matupu hana tatizo kubwa, isipokuwa mstari wa nne ambao umesogea kushoto na kuonekana kama umepotea njia. Anayetumia programu inayofuata kanuni za awali atapata aya moja inayoanza "Kabla ya kikao tafadhali leteni: - nakala mbili za ripoti - orodha ya wajumbe" na kuendelea hivyo hadi saa tatu. Anayetumia CommonMark atapata vitone vitatu safi, lakini cha tatu kitasomeka "ufunguo wa ukumbi Kikao kitaanza saa tatu kamili". Sentensi ya mwisho imemezwa. Kanuni zinasema kwamba mstari wa kawaida unaofuata kitu cha orodha bila mstari mtupu ni mwendelezo wa kitu hicho, hata kama haukuingizwa ndani. Ulegevu huo uliwekwa kwa nia njema, kwani ndio unaouokoa mstari wa nne. Tatizo ni kwamba programu haina namna ya kujua kuwa wa nne ni mwendelezo na wa mwisho sio.

Kosa la namna hii la kumezwa ndilo gumu zaidi kuligundua, kwa sababu orodha inaonekana imefaulu. Dalili yake ni kitone cha mwisho kuwa kirefu kuliko wenzake, chenye herufi kubwa katikati.

Dawa ni mistari miwili mitupu na nafasi mbili:

```
Kabla ya kikao tafadhali leteni:

- nakala mbili za ripoti
- orodha ya wajumbe ambao
  wamethibitisha kuhudhuria
- ufunguo wa ukumbi

Kikao kitaanza saa tatu kamili.
```

Mstari mtupu wa juu unawaridhisha wenyeji wote wawili, na wa chini unaiokoa sentensi ya mwisho. Nafasi mbili zilizotangulia "wamethibitisha" programu haizihitaji. Zipo kwa ajili ya jicho, ili neno hilo likae chini ya "orodha" badala ya chini ya kistari. Mpangilio huo hunyooka kabisa pale tu ambapo herufi zote zina upana sawa. Kwenye herufi za kawaida za simu utapinda kidogo, nao bado utaeleweka. Katikati ya kitu na kitu sikuacha mstari mtupu kwa makusudi, maana ukiuacha programu nyingi huvitenganisha vitone kama aya zinazojitegemea na orodha ya maneno mawili mawili ikajaza ukurasa.

Ni lazima niongeze kwamba si kila programu hufuata mojawapo ya njia hizi. Nyingi za gumzo huheshimu mwisho wa mstari kama ulivyoandikwa, na huko hata ujumbe wa kwanza usingebanana. Anayeandikia huko tu anaweza kudhani kwamba ninakuza mambo, mpaka siku ujumbe wake utakaponakiliwa kwingine.

Kuna kishawishi cha kuisogeza orodha nzima ndani kidogo ili ipendeze. Nafasi moja hadi tatu mbele ya kistari hazina madhara. Zikifika nne baada ya mstari mtupu, programu huamini kwamba umeandika msimbo wa kompyuta: vistari hubaki vistari, na orodha huwekwa ndani ya sanduku la kijivu lenye herufi za mashine. Nne hizo hizo, ajabu, ndizo zinazofaa ukitaka orodha ndogo chini ya kitu cha orodha kubwa, kwa kuwa baadhi ya programu zinazofuata kanuni za awali huzidai na zile mpya huzikubali.

Hata hivyo, nisiwaonee waliotunga kanuni za awali. Kukataa orodha isiikatize aya kulikuwa na sababu, na sababu hiyo huonekana pale baruapepe inapokatwa mistari kwa upana fulani na kistari cha kawaida cha sentensi kikaangukia mwanzoni:

```
Kazi ya kuhamisha nyaraka itakamilika Ijumaa jioni
- iwapo gari litapatikana - na funguo zitarudishwa.
```

Kwa kanuni za awali hii ni sentensi moja, kama mwandishi alivyokusudia. Kwa CommonMark, nusu ya pili inakuwa kitone kinachosema "iwapo gari litapatikana - na funguo zitarudishwa", na sharti lililokuwa limefungwa ndani ya sentensi linageuka kuwa jambo la kujitegemea. Mstari mtupu hausaidii hapa, kwa sababu hakuna orodha ya kuitenga. Kinachosaidia ni kutumia mkato au mabano badala ya kistari chenye nafasi pande zote mbili.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha fomu. Mtu anataka wenzake wajaze majina, naye anawaachia nafasi tatu:

```
Majina ya watakaohudhuria:
-
-
-
```

Katika Markdown, mstari wa vistari ulio chini ya maneno ni njia ya kuyafanya maneno hayo kuwa kichwa cha habari, na kanuni hazidai vistari vingi: kimoja kinatosha. Hivyo kwa anayetumia CommonMark, "Majina ya watakaohudhuria:" huvimba na kuwa kichwa kikubwa cheusi, kistari cha kwanza kinatoweka kwa kuwa kimetumika kama mstari wa kupigia chini ya maneno hayo, na vinavyobaki ni vitone viwili. Wageni watatu wamealikwa, viti viwili vimewekwa. Ukiacha mstari mtupu chini ya maneno hayo, vitone vyote vitatu hurudi.