Kimo cha maji kati ya saa na saa: rekodi fupi inapoidanganya fomula

Kipimo cha maji bandarini Zanzibar au Mombasa kinaweza kuwa na rekodi ya saa kwa saa, na mtu akataka kujua kimo kilikuwaje nusu saa baadaye, pale ambapo hakuna namba. Wengi huunganisha nukta mbili kwa mstari mnyoofu. Nadharia ya sampuli, iliyoandikwa kwa nyakati tofauti na Whittaker mwaka 1915, Kotelnikov mwaka 1933 na Shannon mwaka 1949, inasema tunaweza kufanya vizuri zaidi ya hapo: ikiwa ishara, kama kimo hiki cha maji kinachobadilika, haina mabadiliko ya haraka kupita kiwango fulani, sampuli zake, yaani vipimo vya kila baada ya muda sawa, zinatosha kuirudisha yote bila kupoteza chochote.

Kiwango hicho ni mara mbili ya muda kati ya sampuli na sampuli. Ukipima kila saa 1, kila wimbi lenye kipindi kirefu kuliko saa 2 linarudishika. Maji kujaa na kupwa kwa mvuto wa mwezi huchukua saa 12.42, kwa mvuto wa jua saa 12 kamili, kwa hiyo tuna nafasi ya kutosha. Tsunami ya Desemba 2004 iliyofika pwani yetu ilikuwa na mawimbi ya makumi ya dakika. Hayo rekodi ya saa kwa saa haiwezi kuyarudisha, hata ukitumia hesabu gani.

Fomula yenyewe ni hii:

```
x(t) = Σ x[n] · sinc((t − nT)/T),   sinc(u) = sin(πu)/(πu)
```

Hapa x[n] ni sampuli ya n, T ni muda kati ya sampuli na sampuli, na t ni saa unayoitafuta. Kila sampuli inapewa uzito kulingana na umbali wake kutoka saa hiyo, kisha zote zinajumlishwa. Chukua nusu ya njia kati ya sampuli mbili. Majirani wa karibu, mmoja kila upande, wanapata uzito wa 0.637 kila mmoja. Wanaofuata wanapata −0.212, kisha 0.127, kisha −0.091, na kuendelea hivyo kwa kupanda na kushuka. Angalia jinsi uzito unavyopungua polepole: sampuli iliyo umbali wa saa 10 na nusu bado ina sauti ya asilimia 3. Jumla ya uzito wote, kutoka mwanzo wa dunia hadi mwisho wake, ni 1 kamili. Nadharia inataka sampuli zote hizo. Sisi tuna za siku moja.

Hapo ndipo tatizo linapoanza, na si kwamba fomula inakataa kufanya kazi. Inafanya kazi vizuri tu. Kile isichopewa inakihesabu kuwa sifuri, yaani inaamini kwamba kabla ya sampuli ya kwanza na baada ya ya mwisho bahari ilikuwa kwenye alama ya sifuri ya kipimo. Kwa hiyo katika kila ncha ya rekodi kuna mruko ambao bahari haikuufanya, na mruko wa ghafla una mabadiliko ya haraka yasiyo na ukomo hata kidogo, kinyume cha sharti la nadharia.

Jaribu kwa bahari tulivu kabisa, mita 2.00 kwa sampuli 24:

```python
import numpy as np
h = np.full(24, 2.0)
n = np.arange(24)
for t in (11.5, 22.5):
    print(np.sum(h * np.sinc(t - n)))
```

(`np.sinc` tayari ina π ndani yake; ukiiongeza tena utapata takataka.) Katikati ya rekodi, kwenye 11.5, jibu ni mita 1.947. Tumepoteza sentimita 5 kwenye maji ambayo hayakutikisika. Karibu na mwisho, kwenye 22.5, jibu ni 2.287: bahari imepanda sentimita 29 kwa nusu saa, kisha ikarudi. Rekodi ikirefuka kosa la katikati hupungua, lakini kwa mwendo wa kobe, maana ukizidisha urefu mara mbili kosa hupungua nusu tu. Lile la pembeni halipungui hata ukiwa na data ya mwaka mzima, kwani daima upande mmoja utakuwa na sampuli moja peke yake.

Kinachowapotosha watu ni kwamba penye sampuli zenyewe kosa ni sifuri kabisa. Sinc ni 1 kwenye sampuli yake na 0 kwenye nyingine zote, hivyo mchoro wako utapita kila nukta bila kukosea. Anayehakiki kwa kulinganisha na nukta hizo hizo hajahakiki chochote. Dalili ya kweli ni mawimbi madogo yanayojirudia kila saa 2, makubwa pembeni na madogo katikati. Ukiyaona, usitafute sababu baharini. Njia nyingine ni kuficha sampuli chache za mwisho, kurudia hesabu na kuona mchoro ulivyohama.

Hatua ya kwanza ya kuponya ni rahisi: toa wastani, fanya hesabu, kisha urudishe wastani. Maji tulivu yatatoka sawasawa. Lakini wakati wa bamvua, rekodi ikikatika maji yakiwa yamejaa, mita 1.6 juu ya wastani, mruko wa mita 1.6 bado upo na kosa la pembeni ni karibu sentimita 20.

Dawa ninayoiamini zaidi ni kuuzimisha uzito taratibu badala ya kuuacha ukatwe na mwisho wa rekodi. Dirisha la Lanczos huzidisha sinc kwa sinc nyingine pana zaidi, ambayo hufika sifuri baada ya sampuli 3 kila upande. Uzito wa nusu njia unakuwa 0.608, −0.135 na 0.024. Maji tulivu ya mita 2.00 yanatoka 1.988 kwa sampuli 6 tu, wakati sinc tupu kwa sampuli hizo hizo 6 inatoa 2.207. Ukigawanya kwa jumla ya uzito unapata 2.00 kamili, na kwa wimbi la mwezi la mita 1.6 kosa liko chini ya nusu sentimita. Saa mbili za kila ncha hazina majirani wa kutosha, hivyo zitupwe. Ndiyo maana mtu akiomba data ya siku moja, namshauri aombe na saa chache za kabla na za baada.

Dirisha hili linafanya kazi kwa sababu kati ya saa 12 na saa 2 kuna pengo kubwa. Mtu akipima kila saa 6 ili kuokoa betri, pengo halipo. Wimbi la mwezi linapita kwenye mpaka kwa tundu la sindano: kwa nadharia linarudishika, lakini litahitaji rekodi ndefu sana, na dirisha lolote fupi litalipunguza. Wimbi la jua, saa 12 kamili, limekaa juu ya mpaka wenyewe. Saa za kupima zikiangukia pale linapopita kwenye wastani wake, kila sampuli italisoma kuwa sifuri, na kwenye rekodi yako litakuwa halijawahi kuwepo.