Msiba wa Zhuangzi na miaka mitatu ya Konfusio

Mke wa Zhuangzi, mwanafalsafa wa China ya kale, alipofariki, rafiki yake Huizi alikwenda kumpa pole. Alimkuta ameketi, miguu ameitandaza, anapiga beseni kama ngoma huku akiimba. Huizi akamkemea: umeishi naye, amekulelea watoto, amezeeka nawe. Kutomlilia kwenyewe ni kosa, sembuse kumwimbia!

Kisa hiki kimo katika kitabu chenye jina la Zhuangzi, mojawapo ya misingi ya Utao, falsafa ya kufuata mwendo wa asili, na jibu lake ndilo la kutazamwa kwa makini. Zhuangzi hakudai kwamba hakuumia. Alisema mwanzoni alihuzunika kama mtu yeyote. Kisha akakumbuka kwamba kabla mkewe hajazaliwa hakuwa na uhai, wala umbo, wala pumzi. Vitu hivyo vilimjia kimoja baada ya kingine, na sasa vimeondoka, kama majira ya mwaka yanavyopokezana. Kuendelea kuomboleza, alisema, ni kutoelewa mwendo huo. Akaacha.

Hiyo ndiyo wu-wei, ambayo wengi huidhania kuwa ni uvivu au kutojali. Ni kutenda bila kujilazimisha wala kushindana na mwendo wa mambo. Zhuangzi hakuyazuia machozi yalipokuja, na yalipokauka hakuyakamua ili majirani waridhike.

Konfusio, mwalimu mwingine wa China ya kale, angeanzia kwingine: marehemu alikuwa nani kwako, na unawiwa nini naye? Mwanafunzi wake Zai Wo aliona kuomboleza mzazi kwa miaka mitatu ni kupitiliza. Mwaka mmoja unatosha, alisema, kwani nafaka ya zamani imekwisha na mpya imeshaiva. Konfusio akamuuliza kama moyo wake ungetulia akila wali mzuri na kuvaa hariri. Akajibu ndiyo. "Basi fanya hivyo," akaambiwa. Zai Wo alipotoka, mwalimu akasikitika: mtoto hukaa miaka mitatu kabla ya kuondoka mikononi mwa wazazi wake. Je, yeye hakupendwa miaka hiyo?

Mimi naona hoja hii ina uzito ambao Utao haujibu vizuri. Kuna deni ambalo halipimwi kwa jinsi unavyojisikia leo.

Lakini wajibu ukigeuzwa sheria huleta balaa lake. China ilipokuwa chini ya nasaba ya Ming, ofisa aliyefiwa na mzazi alitakiwa kuacha kazi kwa miezi 27. Mwaka 1577 Zhang Juzheng, waziri mkuu wa mfalme kijana Wanli, alifiwa na baba yake akabaki madarakani kwa idhini ya mfalme. Baadhi ya maofisa waliopinga walichapwa viboko. Tanzia ya mzee mmoja ikawa uwanja wa ugomvi wa siasa, kila upande ukitaja adabu.

Konfusio mwenyewe aliwahi kuulizwa na mtu aitwaye Lin Fang kiini cha taratibu za adabu na ibada ni nini. Kuhusu msiba alijibu kwamba ni afadhali huzuni ya kweli kuliko shughuli iliyotimizwa bila dosari.