Barua ya mkopo wa mpunga: yanayosemwa na yanayosomwa benki

Mfano wetu ni mkulima wa Magu mwenye eka 3 za majaruba. Kulima, mbegu, mbolea, palizi na kuvuna vitamgharimu sh. 1,350,000, naye anazo 450,000. Tarakimu ni za mfano, weka zako.

Dhana: barua ieleze shida. Afisa mikopo hapimi shida. "Yah: Maombi ya mkopo wa msimu, sh. 900,000, eka 3 za mpunga" inamtosha kuanza kusoma. Habari za ada za watoto ziache nyumbani.

Dhana: omba kubwa, watapunguza wenyewe. Huu ushauri wa gulioni ni mbaya kweli. Benki itauliza mvua ikikatika itakuwaje, kwa hiyo jiulize mwenyewe kwanza. Tuseme eka imetoa magunia 8 tu, yaani 24 kwa jumla. Ukiacha 10 ya chakula (na uyaache, maana familia itakula hata deni likiwepo), yanabaki 14. Kwa sh. 70,000 gunia, ni 980,000. Deni la 900,000 na riba yake linalipika, ingawa kwa kubana. La 1,200,000 halilipiki, na afisa ataliona hilo kabla yako.

Dhana: chukua zote Novemba. Pesa ya mbolea ya kukuzia na palizi ya Februari ikikaa nyumbani tangu Novemba inalipiwa riba bila kufanya kazi, kama haijaliwa sikukuu. Andika hivi:

"Naomba sh. 400,000 tarehe 1 Novemba kwa kulima na mbegu, na sh. 500,000 tarehe 1 Februari kwa mbolea, palizi na kuvuna. Nitarejesha deni lote pamoja na riba ifikapo 31 Julai."

Kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, awamu hizo mbili zinazaa riba ya sh. 49,500. Ukichukua zote Novemba ni 60,750.

Dhana: ahidi kulipa mara tu ukivuna, uonekane mwaminifu. Mpunga wa Mei hadi Juni huingia sokoni siku moja na wa jirani zako wote, tena mwingine ungali na unyevu, na mnunuzi anajua una deni. Kila mwezi unaoongeza, deni la 900,000 linazaa riba ya sh. 6,750 tu. Gunia likipanda sh. 1,000, magunia 14 yanakupa 14,000. Kwa hiyo omba muda wa kuanika, kupepeta na kusubiri kidogo. Usivute hadi Desemba kwa tamaa ya bei: panya na wadudu nao wanakula.

Kabla ya kusaini, uliza kama riba ni ya mwaka au ya mwezi. Asilimia 2 inasikika ndogo kuliko 9, lakini ikiwa ni ya mwezi, kwa mwaka ni 24.